Kutoka Puy de Dôme hadi Logi ya Halley

Tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer, shemeji wa Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na mrija wa zebaki. Chini mjini Clermont zebaki ilisimama kwenye inchi 26.3 hivi za Paris; kileleni, 23.2. Ilidhihirika kwamba kanieneo ya hewa hupungua kwa mwinuko, ila kanuni ya upungufu huo haikujulikana bado.

Edmond Halley aliieleza mwaka 1686. Halijoto isipobadilika, densiti ya hewa huwiana na kanieneo yake. Kwa hiyo kila tabaka jembamba tunalolipanda hupunguza kanieneo kwa kadiri ya kanieneo iliyopo. Halley alilipata jibu kwa eneo lililo chini ya hiperbola, yaani kwa logi. Sisi huandika dp/dh = −p/H, kisha tunavitenganisha vigeuzi:

dp/p = −dh/H

Kila upande sasa una kigeuzi kimoja, nao huunganishwa peke yake. Upande wa kushoto ndio ile hiperbola ya Halley. Tunapata h = H ln(p₀/p).

Tukikisia nyuzi 10 za Selsiasi, H ni mita 8,290 hivi, na vipimo vya Périer vinatoa takriban mita 1,040, karibu na tofauti halisi ya mwinuko. Hata hivyo, halijoto ya mlimani haitulii. Kukosea wastani wake kwa nyuzi 10 hulisogeza jibu kwa mita 37 hivi, na zebaki ya mrijani peke yake haiwezi kulifichua kosa hilo; sharti halijoto ipimwe chini na kileleni.