Kubatilisha si kufuta: sertiorari, ultra vires na haki asilia katika mahakama za Turkana

Tarehe 18 Desemba 2012 Idara ya Masuala ya Wakimbizi ya Kenya ilitoa taarifa kwa vyombo vya habari. Wakimbizi waliokuwa wakiishi Nairobi na miji mingine waliamriwa kurudi kambini: Wasomali waende Dadaab, na wa mataifa mengine, wakiwemo Wakongo, Waethiopia na Warundi, waende Kakuma. Kituo cha Sheria na wakimbizi kadhaa walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja, ambaye sasa ni marehemu, akaibatilisha amri hiyo.

Neno nimelichagua makusudi. Mkalimani anayemweleza mkimbizi uamuzi wa aina hii hujikuta na vitenzi vingi mdomoni: kufuta, kutengua, kufutilia mbali, kutupilia mbali. Kila kimoja kinamwachia msikilizaji picha tofauti. “Kesi imefutwa” ni maneno anayoyasikia mshtakiwa anapoachiliwa aende zake, kwa hiyo aliyeshinda anaweza kuondoka akiamini kwamba ni shauri lake mwenyewe lililofutwa. “Kutupilia mbali” ndiko kushindwa kwenyewe: magazeti huandika hivyo jaji anapolikataa ombi. “Kutengua” kunafaa zaidi, ila redio za Tanzania zimekizoesha kitenzi hicho kwa rais anayetengua uteuzi alioufanya yeye mwenyewe. Hapa anayetengua ni mtu mwingine kabisa, tena aliye juu ya aliyeamua.

Sertiorari ni Kilatini, na maana yake ya awali haihusiani na kufuta. Ni “kuarifiwa kwa hakika”. Katika Uingereza ya zamani mfalme alitaka kumbukumbu za shauri ziletwe mbele ya mahakama yake ili ajulishwe kilichotendeka huko chini. Kuvunjwa kwa uamuzi kulifuata baadaye, kasoro zilipoonekana. Waingereza wenyewe waliachana na jina hilo katika sheria yao mwaka 2004, wakachukua jina linalosema wazi kwamba ni amri ya kubatilisha. Kenya imebaki nalo katika Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, kwa hiyo mwanafunzi hana budi kulijua. Kwa Kiswahili napendekeza “amri ya kubatilisha uamuzi”, na neno “uamuzi” lisiachwe kamwe, maana ndilo linaloonyesha ni kitu gani kimebatilishwa.

Kitenzi hicho Wakenya hawahitaji kufundishwa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na tarehe 26 Oktoba nchi ikapiga kura tena. Kila mtu aliona kwamba kilichobatilishwa kinahesabiwa kama hakikufanyika, na pia kwamba kinaweza kufanywa upya. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika mahakamani. Mnamo Machi 2014, miezi minane baada ya hukumu ya Majanja, serikali ilitoa amri mpya ya kuwahamishia wakimbizi kambini, na Juni mwaka huo Mahakama Kuu ikakataa kuiondoa. Aliyeambiwa 2013 kwamba “mambo yamekwisha” alikuwa na haki ya kumlaumu aliyemfasiria. Sentensi salama ni ndefu kidogo: “Mahakama imeubatilisha uamuzi huu. Hauna nguvu tena. Lakini serikali haikuzuiwa kuamua upya, mradi ifuate sheria.”

Kwa nini uamuzi ubatilishwe? Sababu mojawapo ni ultra vires, na mfano ulio wazi zaidi ninaoujua unatoka kwenye sera hiyo hiyo ya wakimbizi. Mwezi Mei 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab, na pamoja na hilo ikasema imeivunja Idara ya Masuala ya Wakimbizi, ambayo kazi yake ilifika Kakuma pia. Idara hiyo iliundwa na kifungu cha 6 cha Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Kilichoundwa na Bunge hakivunjwi kwa tangazo la afisa, hata awe mkubwa namna gani. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo alisema hivyo, na hatua hizo zikatangazwa kuwa batili.

Tafsiri iliyozoeleka ni “nje ya mamlaka”. Katika karatasi ya mtihani inatosha. Mahakamani inapwaya, kwa sababu “mamlaka” katika Kiswahili cha leo ni pia jina la taasisi. Mfanyabiashara wa Kakuma akisikia kwamba jambo liko nje ya mamlaka, ataulizia mamlaka ipi: ya mapato, ya maji? Tena hakimu asiyeweza kusikiliza shauri fulani naye husema hana mamlaka nalo, na hilo ni suala jingine. Mimi ningerudisha mtendaji kwenye sentensi: “afisa amevuka mipaka ya mamlaka aliyopewa na sheria.” Hapo msikilizaji anajua nani, amefanya nini, na mpaka uliwekwa na nani. Pia haichanganyiki na “kutumia mamlaka vibaya”, ambako afisa huwa na uwezo kweli ila ameutumia kwa hila au upendeleo.

Kigumu kuliko vyote ni haki asilia. Istilahi hii imeota mizizi katika vitabu vya sheria, hasa Tanzania, na sioni sababu ya kuing'oa humo. Lakini ipeleke Lodwar, ambako mkalimani hupokea Kiingereza cha jaji, akakipitisha katika Kiswahili, kisha akamwambia mzee kwa Kiturkana. “Asili” huko itasikika kama mila, yaani haki inayotolewa na wazee chini ya mti. Na kwa kuwa Ibara ya 159 ya Katiba inaitaka mahakama ikuze njia za jadi za kutatua migogoro, kosa hilo haliwezi kugunduliwa upesi: mzee atajibu kuhusu desturi, jibu litaonekana la maana, na shauri litasonga mbele likiwa limepotoka.

Maana yenyewe ni mambo mawili tu. Mtu asihukumiwe kabla ya kusikizwa, na anayeamua asiwe na maslahi katika shauri. Kwa mkalimani, basi, iwe “haki ya kusikizwa na mwamuzi asiyependelea”. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, kifungu cha 4, imeipa nusu ya kwanza mwili: mtu apewe notisi mapema, nafasi ya kujieleza, na sababu za uamuzi. Katika kesi za wakimbizi za 2013 na 2017 mahakama ilitegemea Ibara ya 47 ya Katiba, ambayo ndiyo mzazi wa sheria hiyo.

Limebaki onyo moja kwa anayefasiri ombi kutoka Kakuma. Mapitio ya mahakama si rufaa. Kwa kawaida jaji hatasema kama kumhamisha mtu ni jambo jema au baya. Atauliza hasa kama aliyeamua alikuwa na uwezo na kama alifuata utaratibu. Vilevile, sertiorari chini ya Sura ya 26 huombwa Mahakama Kuu ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa. Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe ya uamuzi, si siku mkimbizi alipopata nauli ya kilomita 120 hivi kutoka Kakuma hadi Lodwar, na tarehe hiyo ndiyo kitu cha kwanza cha kumuuliza.