Tatu kwa Moja

Mwaka 1912, mjini Berlin, Arnold Eucken alipima kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha nyuzijoto za gesi ya haidrojeni, kwanza gesi ikiwa vuguvugu, kisha ikiwa baridi, kisha ikiwa baridi sana. Katika joto la kawaida la chumbani alipata takriban kalori 5 kwa kila moli kwa kila nyuzi, na hapo hapakuwa na ajabu. Molekuli ya haidrojeni ni atomu mbili zilizoshikana. Inasafiri huku na huku na pia inazunguka, na kila mwendo unadai fungu lake la joto. Lakini kadiri gesi ilivyopoa, hesabu ilishuka, na ilipokaribia kelvini 60 (yaani zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri) alibakiwa na kalori 3 tu. Hicho ni kipimo cha gesi ya atomu mojamoja. Molekuli zilikuwa bado zinasafiri, ila ni kama zilikuwa zimegoma kuzunguka.

Kugoma kwenyewe kulieleweka mapema. Katika fizikia ya kwanta molekuli haizunguki kwa kasi yoyote itakayo. Hupanda ngazi zenye namba J = 0, 1, 2, 3 na kuendelea, na kwenye baridi kali haipati nishati ya kupanda hata ngazi ya kwanza. Kilichowashinda watu kwa miaka 15 ni umbo la mteremko. Kila aliyeketi na kalamu kuukokotoa alipata mchoro usiofanana na vipimo vya Eucken. Baadhi ya michoro ilikuwa na nundu kubwa mahali ambapo vipimo vilionyesha mteremko mlaini. Mwaka 1927 Friedrich Hund alipata mchoro uliokaribiana na vipimo, lakini ulitaka molekuli iwe nyepesi kuzungusha kuliko ile iliyokuwa ikionekana kwenye spektra za haidrojeni alizopima Takeo Hori huko Copenhagen. Yaani alifanikisha hesabu moja kwa kuvunja nyingine.

Jibu lilikuwa kwenye viini vya zile atomu mbili. Kila kiini ni protoni moja, na kila protoni ina spini ya nusu.

Niende polepole hapa, kwa sababu ndiyo hesabu ambayo darasani hujaza ubao kwa saa moja kisha mhadhiri akaifuta na kuendelea na mada nyingine. Spini ya nusu maana yake ni kwamba ukiipima protoni kwenye mhimili wowote, majibu ni mawili tu: juu, ↑, yenye thamani +1/2, au chini, ↓, yenye thamani −1/2. Protoni mbili basi zina mipangilio minne: ↑↑, ↑↓, ↓↑ na ↓↓. Jumla ya kila mmoja kwenye mhimili ni 1, 0, 0 na −1. Ni rahisi kudhani kazi imeisha.

Haijaisha. Hiyo ni jumla ya kwenye mhimili mmoja tu, ilhali tunataka kujua spini nzima ya jozi, kwa ukubwa wake. Kanuni ya kujumlisha momenta ya mzunguko inasema nusu na nusu zinaweza kutoa 1 au 0. Spini ya 1 ina nafasi tatu kwenye mhimili: 1, 0 na −1. Spini ya 0 ina nafasi moja. Tatu na moja ni nne, na mipangilio yetu ilikuwa minne. Kuhusu ↑↑ na ↓↓ hakuna ubishi, kwani jumla za 1 na −1 zinaweza kutoka kwenye spini ya 1 tu. Utata uko kwa ile miwili ya katikati, yenye jumla ya 0. Ipi ni ya spini ya 1, na ipi ni ya spini ya 0?

Hakuna hata mmoja. Chukua ↑↑ na uigeuze jozi nzima ngazi moja kwenda chini. Zana ya kufanya hivyo inagusa protoni zote mbili kwa usawa, kwa hiyo matokeo yake ni mchanganyiko: ama ya kwanza imeshuka, ama ya pili. Ukiuweka kwenye vipimo sahihi unapata

(↑↓ + ↓↑)/√2

na huyo ndiye wa katikati katika kundi la watatu, kundi linaloitwa tripleti. Ukimshusha tena unafika ↓↓ bila tatizo. Imebaki nafasi moja, na anayeijaza lazima asiwe na sehemu yoyote ya mwenzake. Yuko mmoja tu:

(↑↓ − ↓↑)/√2

Ukijaribu kumshusha huyu, vipande viwili vya ↓↓ vinatokea, kimoja kina alama ya kujumlisha, kingine ya kutoa, na vinafutana. Ukijaribu kumpandisha ni hivyohivyo. Hana pa kwenda, kwa hiyo spini yake ni 0. Huyu ni singleti.

Tofauti kati ya wawili hao ni alama moja ya kutoa. Mtu aliyezoea mabomba na sufuria anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, alama hiyo inahusiana vipi na joto la gesi. Badilishana protoni mbili, ya kushoto ikae kulia. Watatu wa tripleti hubaki kama walivyokuwa. Singleti hubadili alama. Na asili ina sharti kali kuhusu chembe kama protoni: ukizibadilishana mbili, maelezo yote ya mfumo lazima yabadili alama. Maelezo yote yanajumuisha spini pamoja na mzunguko wa molekuli. Mzunguko nao una tabia yake. Molekuli ikiwa kwenye ngazi shufwa (0, 2, 4) kubadilishana viini hakubadili kitu, na ikiwa kwenye ngazi witiri (1, 3, 5) alama hubadilika. Kwa hiyo singleti, iliyokwisha kubadili alama, inaruhusiwa ngazi shufwa pekee. Tripleti inalazimika kukaa kwenye ngazi witiri.

Matokeo yake ni kwamba haidrojeni iliyomo kwenye mtungi ni gesi mbili. Ile ya singleti ikaitwa para-haidrojeni, na ile ya tripleti orto-haidrojeni. Katika joto la kawaida kila mlango una wateja, na kwa kuwa orto ina milango mitatu na para mmoja, mchanganyiko ni tatu kwa moja, asilimia 75 kwa 25.

Hata hivyo uwiano huo peke yake haukutosha kuupata mteremko wa Eucken, na hapa ndipo David Dennison, Mmarekani aliyekuwa Cambridge mwaka huohuo wa 1927, alipotoa wazo ambalo mimi naliona zuri kuliko algebra yote iliyotangulia. Waliomtangulia walidhani kwamba gesi inapopoa, molekuli za orto hugeuka kuwa para ili zishuke hadi ngazi ya 0. Dennison alisema: tuseme hazigeuki, walau si kwa muda ambao jaribio linachukua. Basi gesi iliyopozwa inabaki na robo tatu zake zikiwa orto, zimekwama kwenye ngazi ya 1, hazina ruhusa ya kushuka. Akakokotoa joto la kila gesi kivyake na kuyachanganya kwa tatu kwa moja. Mchoro ukakaa juu ya vipimo, na molekuli ikawa na uzito wa kuzunguka uleule wa Hori. Kutokana na hapo akahitimisha pia kwamba protoni ina spini ya nusu. Thermomita ilikuwa imeipima spini ya kiini.

Dai kama hilo linaweza kujaribiwa. Umbali wa nishati kutoka ngazi ya 0 hadi ya 1 ni sawa na kelvini 171 hivi. Tuseme tumepata njia ya kuziruhusu zigeuke, tukaiacha gesi itulie kwenye kelvini 77, joto la naitrojeni ya kimiminika. Para iko karibu yote kwenye ngazi ya 0, tuihesabu 1. Orto ina spini tatu, na ngazi ya 1 ina mielekeo mitatu ya mzunguko, kwa hiyo 9, ikizidishwa kwa e⁻¹⁷¹ᐟ⁷⁷, ambayo ni takriban 0.11. Jibu linakaribia 1. Nusu kwa nusu. Kwenye kelvini 20 hesabu hiyohiyo inatoa 0.0017, yaani gesi inakuwa para kwa asilimia 99.8.

Mwaka 1929, Berlin tena, Karl Friedrich Bonhoeffer na Paul Harteck waliipata hiyo njia: mkaa. (Bonhoeffer huyu ni kaka wa Dietrich, mwanatheolojia.) Waliiweka haidrojeni kwenye mkaa uliopozwa kwa haidrojeni ya kimiminika, kisha wakaivuta gesi na kuipima kwa waya wa moto, kwa kuwa gesi mbili zenye uwezo tofauti wa kubeba joto haziupozi waya kwa kiasi kimoja. Walikuwa na para karibu tupu. Walipoirudisha kwenye chupa ya kioo, katika joto la chumbani, ilibaki para kwa muda mrefu ajabu. Mwaka huohuo Eucken mwenyewe, pamoja na Hiller, aliiacha haidrojeni kwenye baridi na shinikizo kwa siku kadhaa na kuona uwezo wake wa joto ukihama taratibu. Heisenberg alipopewa Tuzo ya Nobeli ya 1932, tamko la tuzo lilitaja kwa jina ugunduzi wa aina hizi za haidrojeni.

Kwa nini inakuwa vigumu hivyo kugeuka, na mkaa unafanya nini? Rudi kwenye ile alama. Uga wa sumaku huzungusha spini, lakini ukiwa sawa kwa protoni zote mbili, huzizungusha kwa pamoja, na jumlisha inabaki jumlisha, kutoa inabaki kutoa. Ili jumlisha iwe kutoa, protoni moja lazima ipitwe nusu mzunguko na mwenzake. Hilo linahitaji uga ulio mkali upande huu wa molekuli kuliko upande ule, ilhali molekuli yenyewe haifiki hata nanomita moja. Sumaku ya maabara haiwezi. Atomu yenye usumaku, ikiwa imegusana na molekuli, inaweza, na Eugene Wigner aliieleza hesabu yake mwaka 1933. Oksijeni kidogo ndani ya gesi inafanya kazi hiyo, na uso wa mkaa unafanya.

Wahandisi walikutana na jambo hili kwa hasara. Ukiigeuza haidrojeni kuwa kimiminika kwa haraka, robo tatu zake bado ni orto. Zinaendelea kugeuka polepole zenyewe kwa zenyewe, maana orto ina usumaku wa kuisumbua jirani yake, na kila inayoshuka inatoa joto. Jumla yake ni takriban kilojuli 527 kwa kila kilo. Kuchemsha kilo moja ya haidrojeni hiyo na kuimaliza kunahitaji kilojuli 446 tu. Kwa hiyo tangi linaweza kuwa na kuta bora kuliko zote, joto la nje lisiingie hata chembe, na bado kimiminika kikachemka kutoka ndani. Ndiyo maana viwanda huipitisha gesi kwenye vichocheo, mara nyingi oksidi ya chuma yenye usumaku, wakati inapopozwa, ili ugeuzaji umalizike kabla ya haidrojeni kuingia tangini.