Biashara ya Kisasi: Neno na Ghadhabu Iliyomo

Neno kisasi tumelipokea kwa Waarabu, na asili yake ni malipo yaliyo sawa na dhuluma iliyotendwa, bila kuzidi. Kwa hiyo pana kejeli katika kuliita biashara ya kisasi tendo la mtu ambaye, akiisha kupata hasara, hurejea sokoni papo hapo kwa fungu kubwa zaidi, ilhali soko halikumdhulumu wala halimjui. Wako wasemao kukimbiza hasara, nami siwapingi. Ila usemi huo wataja hesabu tu, na kisasi chataja ghadhabu.

Tutwae mfano wa kijana wa Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, aliyepewa na babaye sehemu ya bonasi ya chai, akaingia na dola 1,000 katika soko la hiari la Marekani, ambalo kwetu hufunguliwa saa kumi na nusu alasiri, au saa moja baadaye katika majira yao ya baridi. Hiari hapa ni haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokwisha kupangwa, kabla ya siku maalumu kupita, na aitakaye hutoa arbuni isiyorudi. Kijana akatoa arbuni ya dola 100 kwa haki ya kununua hisa 100. Ijumaa ya mwisho ikapita bei haijafika, arbuni ikapotea. Na Jumatatu hisa ikapanda vile vile alivyobashiri.

Hapo ndipo penye sumu. Angalikosea kabisa, huenda angalitulia. Lakini kuona kwamba alisibu mwelekeo akakosa siku tu, humfanya ajione amenyang'anywa kilicho chake, na haya ya kumkabili mzee humhimiza airudishe fedha kabla haijaulizwa. Kahneman na Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba mtu aliyemo katika hasara hukubali bahati nasibu ambayo, lau angekuwa katika faida, angeikataa. Basi akanunua kwa dola 200, kisha kwa 400, na kila mara hiari iliyobakiza siku chache, kwa kuwa ndiyo rahisi, akasahau kwamba ndiyo iyeyukayo upesi. Zikamsalia dola 300. Ili arejee alipoanza, yampasa kupata 700, zaidi ya mara mbili ya alizo nazo.

Kanuni zimzuiazo mtu huyu huandikwa asubuhi, moyo ukiwa baridi. Arbuni moja isizidi asilimia 2 ya mtaji, yaani dola 20, hata hasara tatu zimwachie 940. Fungu lisiongezwe baada ya hasara. Na hasara mbili zikifuatana, afunge hadi kesho. Kanuni isiyokuwa na kizuizi, hata hivyo, usiku huvunjwa, basi bora fedha iliyobaki ihamishiwe benki, isifikiwe kwa kidole kimoja.

Nawe msomaji ukitaka kujipima, fungua daftari lako la biashara, na kila ununuzi uliofanywa dakika chache baada ya hasara, nao ni mkubwa kuliko uliotangulia, uandikie pembeni neno moja: kisasi.