Daftari la nyumba kutoka Kasikeu: hesabu ya mpango na matumizi

Jirani yangu hapa Mombasa alinionyesha picha kwenye simu, ukurasa wa daftari la shule alioandika mkewe kule Kasikeu, Makueni. Juu kuna "Mpango" na "Tumetumia". Chini kabisa, jumla ya mpango ni 10,900, na ya matumizi ni 13,850. Mume alikuwa amekasirika: shilingi 2,950 zimekwenda wapi?

Kabla ya kuuliza pesa, niliisoma picha. Niliivuta kubwa nikaandika upya kila mstari, mpango kwanza, matumizi baadaye. Unga 3,000 na 3,400. Ndengu na kunde (ndengu ndiyo pojo yetu) 1,200 na 900. Maji 1,500 na 2,700. Karo 4,000 na 4,000. Nauli 800 na 1,100. Mafuta na sukari mpango ni 1,400, lakini matumizi yana tarakimu yenye mkia: ni 1,150 au 1,750?

Nikajumlisha mpango mwenyewe, nikapata 11,900. Mama alijumlisha mamia akapata kumi na tisa, akaandika tisa, akaisahau ile moja ya kubeba kwenye maelfu. Kosa la kubeba hujulikana hivyo: jumla hupungua kwa 10, 100 au 1,000 kamili.

Safu ya pili, ukisoma 1,750 jumla ni 13,850, sawasawa na aliyoandika. Ukisoma 1,150 unapata 13,250, upungufu wa 600, ambao kosa la kubeba moja haliwezi kuuleta. Hiyo ni dalili nzuri, lakini jumla ya mtu aliyekwisha kosea mara moja si ushahidi wa kutosha. Nikampigia. "Ni saba, shemeji," akasema, "kalamu iliteleza."

Basi tofauti ya kweli ni 13,850 kutoa 11,900, yaani 1,950. Shilingi elfu moja za ugomvi hazikuwahi kutumika.

Sasa toa mpango kwenye matumizi, mstari kwa mstari. Unga umezidi 400, maji 1,200, mafuta na sukari 350, nauli 300. Karo haina tofauti. Ndengu na kunde zimepungua 300. Zilizozidi ni 2,250; ondoa 300, zinabaki 1,950, na hapo unajua hesabu imefunga. Usiangalie jumla peke yake, maana ile 300 ya ndengu inaficha sehemu ya kilichozidi.

Maji ndiyo yaliyobeba zaidi ya nusu. Mpango ulikuwa mitungi 75 kwa shilingi 20. Mvua ilipokawia, mtungi ukapanda hadi 30, wakanunua 90. Kupanda kwa bei kwenye ile mitungi 75 ni 750. Mitungi 15 ya ziada kwa 30 ni 450. Mama angeweza kubana hiyo 450, pengine. Ile 750 ni ya mwenye punda.

Mume amepanga maji ya mwezi ujao kwa shilingi 30.