Kuotea Soko

Mtu akiuza hisa zake akitarajia kuzinunua tena bei ikishuka, au akishika fedha mkononi mpaka soko litulie, wengine husema "anapanga muda wa soko". Istilahi hiyo inampa sifa asiyostahili, kwa maana anayepanga ndiye mwenye ratiba. Mimi nasema anaotea soko. Kuotea ni kuvizia, na washabiki wa mpira wanalijua neno hili vizuri zaidi: mshambuliaji aliyeotea huenda alikimbia kwa ustadi na kufunga bao safi, lakini hatua moja kabla ya wakati imelifuta.

Hasara ya kuotea inaonekana wazi katika soko la New York la Machi 2020, janga la korona lilipoanza. Tutumie fahirisi ya S&P 500, inayopima bei za hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani. Tarehe 23 Machi ilifunga kwenye 2,237, chini kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka ule. Tuseme mwekezaji mwenye dola 10,000 katika mfuko unaofuata fahirisi hiyo amechoka kuogopa, akauza siku hiyo. Alirudi tarehe 9 Aprili, mambo yalipoonekana kutengemaa, fahirisi ikiwa 2,790. Bei ilikuwa imepanda karibu asilimia 25 bila yeye.

Katikati ya tarehe hizo palikuwa na siku 13 za soko. Tarehe 24 Machi fahirisi ilipanda asilimia 9.4, tarehe 26 ikapanda 6.2, na tarehe 6 Aprili 7.0. Ukizizidisha siku hizo tatu peke yake unapata ongezeko la asilimia 24 na kidogo. Siku kumi zilizobaki, ukijumlisha kupanda na kushuka kwake, hazikuongeza hata nusu ya asilimia moja. Mwisho wa mwaka fahirisi ilifunga 3,756. Ambaye hakuuza alikuwa na takriban dola 16,790 kutokana na zile 10,000, na aliyerudi Aprili alikuwa na 13,460, gawio na ada tukiziweka kando.

Mtu atauliza kwa nini hakurudi mapema. Tazama tarehe 26 Machi: asubuhi ile serikali ya Marekani ilitangaza kuwa watu milioni 3.3 walikuwa wameomba mafao ya kukosa kazi kwa wiki moja, idadi ambayo haikuwahi kuonekana, na siku hiyohiyo soko likaruka. Bei ilikuwa imekwisha kuibeba habari mbaya, nayo ilikuwa ikitazama fedha ambazo benki kuu na Bunge walikuwa wakijiandaa kuzimwaga. Anayesubiri habari njema hununua baada ya bei kuzipokea.

Nakubali kwamba nimemchagulia mwekezaji wangu siku mbaya kuliko zote ya kuuzia. Basi tumpe bahati: aliuza tarehe 11 Machi, fahirisi ikiwa 2,741, kabla ya poromoko kubwa. Uamuzi wa kwanza ulikuwa sahihi kabisa. Tangu siku iliyofuata mpaka tarehe 7 Aprili, kila siku soko lilifunga chini ya bei aliyouzia, kwa hiyo alikuwa na karibu wiki nne za kurudi kwa faida. Lakini zilikuwa wiki za hofu ileile iliyomtoa. Akingoja mpaka tarehe 9 Aprili, ananunua kwa bei iliyo juu ya ile aliyouzia kwa asilimia 1.8. Anayeotea anahitaji kupatia mara mbili, kutoka na kurudi, na mara ya pili ndiyo ngumu.

Hapa pana hoja maarufu ya kutahadhari nayo. Wauzaji wa mifuko ya uwekezaji hupenda kuonyesha faida ya miaka mingi inavyosinyaa ukiondoa siku kumi bora. Hesabu ni ya kweli lakini imeegemea upande mmoja, kwa sababu ukiondoa siku kumi mbaya faida inavimba vilevile, na hakuna binadamu anayekosa siku bora pekee. Uzito wa jambo uko kwenye ujirani wa siku hizo. Tarehe 12 Machi soko lilishuka asilimia 9.5, tarehe 13 likapanda 9.3, na siku ya soko iliyofuata, tarehe 16, likaanguka 12. Hofu ikitanda, wanaokubali kununua au kuuza kwa bei ya karibu hupungua, na agizo la kawaida linaisukuma bei mbali, juu au chini. Kuzikwepa siku mbaya bila kuzipoteza nzuri kungehitaji kutoka na kuingia ndani ya saa 24, mara kwa mara.

Mwenye kutaka kujua kama kuotea kumemlipa aandike bei aliyouzia na bei aliyonunulia tena, kisha kwenye hiyo ya pili aongeze ada za dalali za mara zote mbili, kodi kama ipo, na gawio lililompita akiwa nje. Ikibaki chini ya bei ya kwanza, amefaidi.