‘Jogoo si shavu la mguu’: Methali inapovuka mpaka wa lugha

Juzi nilihudhuria mkutano wa wapangaji huko Kimbo, karibu na mji wa Ruiru. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwakilisha malalamiko yao kuhusu maji. Jina la mama mmoja mwembamba lilipotajwa, jamaa mmoja mwenye mwili wake akaguna: “Huyu naye atatishia nani?”

Mzee mmoja akamjibu kwa Kikuyu: “Njamba ti ikere.” Wasiojua Kikuyu wakauliza amesema nini. Kijana akajitolea kutafsiri: “Jogoo si shavu la mguu.” Watu wakaangua kicheko. Yule jamaa akadhani ametukanwa, nusura mkutano uvunjike.

Kijana hakusema uongo. Katika Kikuyu, ‘njamba’ ni jogoo, lakini pia ni shujaa. Alichagua maana isiyofaa. Hata hivyo, angesema “Shujaa si shavu la mguu” bado wasikilizaji wangeachwa gizani, kwa kuwa methali hiyo imefupishwa. Mkikuyu hujaza mwenyewe kiungo kisichotamkwa: shujaa hapimwi kwa unene wa mashavu ya miguu yake. Mgeni hana cha kujazia.

Basi tungetafsirije? Mwenzangu mmoja alipendekeza methali yetu ya Kiswahili: “Usione wembamba wa reli, garimoshi hupita.” Tazama basi historia iliyomo humo. Methali hii haiwezi kuwa kongwe kuliko reli yenyewe. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza 1896, ukafika Nairobi 1899, na tawi la Thika likafunguliwa 1913. Aliyeitunga alikuwa ameshaona chuma chembamba kikibeba mzigo mzito. Ukiipeleka neno kwa neno kwa mtu asiyewahi kuona reli, atabaki akikutumbulia macho. Naye Mkikuyu alichota taswira yake kwa shujaa wa vita na misuli yake, kwa hiyo kila methali ina ulimwengu wake.

Hata hivyo, methali hizi mbili si pacha. Ya Kiswahili inamtetea mwembamba anayedharauliwa. Ya Kikuyu inamkanya anayetegemea ukubwa. Pale Kimbo zote mbili zingefaa, kwa sababu mwembamba na mnene walikuwa mkutanoni. Lakini tuseme pandikizi la mtu limetoroka mwizi. Mkikuyu angesema “Njamba ti ikere”, na kila mtu angeelewa. Ukimtafsiria kwa methali ya reli, utakuwa umekosea kabisa: hapo hapana mwembamba wa kutetewa. Ni heri useme wazi kwamba ushujaa si ukubwa wa mwili.

Kwa hiyo mfasiri asianze kwa kuuliza maneno yana maana gani. Aanze kwa kuuliza: msemaji anamwambia nani, na anataka kumtetea au kumkanya?

Yule mama alichaguliwa, lakini baada ya mzee kueleza upya.