Kotasio ya mwisho wa mwaka: namna ya kuandika juu ya fundi anayejua kazi sana lakini asiyepatana na ekipi

Kapata ni kambi ya watumikaji wa Gécamines tangu zamani, na neno kotasio wazee wa hapa wanalijua. Leo watoto wao wengi wanatumika mu sosiete zingine za shaba na kobalti pembeni ya Kolwezi, na kila mwisho wa mwaka karatasi ni ile ile: shefu wa ekipi anaweka pointi, kisha anaandika mistari kidogo juu ya kila mutumikaji. Pointi hazisumbui sana. Kazi ngumu iko mu ile mistari, zaidi sana kama mutu ni fundi wa kweli lakini wenzake hawataki kutumika naye.

Tuchukue mufano. Kuko ateliye ya pampu za maji, zile zinazotoa maji mu shimo la kuchimbia. Fundi mumoja anatengeneza pampu kupita wenzake wote. Lakini akimaliza posti yake anaenda nyumbani bila kuandika mu kaye kazi ilifika wapi. Watumikaji wapya wakimuuliza, anawafukuza. Mwisho wa mwaka shefu wake anaandika hivi:

«Ni fundi mukali sana, lakini ana kiburi na hana roho ya kutumika pamoja na wengine.»

Mustari huu unaonekana wa haki, juu unasema zuri na baya. Lakini uko na makosa matatu.

La kwanza ni lile neno «lakini». Linafuta yote yaliyotangulia. Fundi akisoma, anabaki na kiburi tu, na zile pampu zake zote zinapotea.

La pili, kiburi haikuonekana na mutu yeyote. Kilichoonekana ni kaye bila maandishi. Kiburi ni hukumu juu ya moyo wa mutu, na mutu hawezi kujitetea juu ya moyo wake. Na mu Kiswahili neno «roho» ni zito: ukimuambia mutu hana roho ya kutumika na wengine, anasikia kama unasema ana roho mubaya. Tena hapa kwetu Katanga, mutu akihukumiwa tabia bila mufano, mara moja watu wanatafuta ni wa kabila gani na shefu ni wa wapi. Tunajua maneno ya namna ile yalitufikisha wapi mu miaka ya 1992 na 1993. Tendo lenye tarehe halina kabila.

La tatu, mustari ule haumuambii afanye nini kesho.

Mbele ya kuandika upya, shefu aulize kwanza: tatizo linatoka wapi? Kama primu inahesabiwa kwa pampu ambazo kila mutu anatengeneza peke yake, basi dakika 15 za kufundisha mwenzake ni franga anapoteza. Hapo sosiete yenyewe njo inamulipa asishirikiane. Shefu akiona vile, aandike na upande wa sosiete, asimubebeshe fundi yote.

Kisha atenganishe mambo mu vipande vitatu. Cha kwanza ni kazi, na kinasimama peke yake bila «lakini» nyuma:

«Mwaka huu alitengeneza pampu 31. Pampu 2 tu zilirudi kwa kosa lile lile mbele ya mwezi kupita. Mu Mei alipata kosa la pampu kubwa ya shimo ambalo mafundi wawili walikuwa wameshindwa kuona.»

Cha pili ni kutumika na wengine. Hapa anaandika kilichotokea, mara ngapi, na kilileta nini:

«Mara 4, tarehe 12 Machi, 3 Juni, 19 Agosti na 7 Oktoba, hakuandika mu kaye ya posti. Mara 2 kati ya hizo kadena yake ilibaki kwenye mashini, na posti ya usiku ilingojea zaidi ya saa 2 mbele ya kuanza kazi.»

Juu ya wale wasiotumika mu ateliye, ile kadena inaomba maelezo. Mbele fundi aingize mikono mu mashini, anakata umeme na kufunga swichi kwa kadena yake mwenyewe, na ufunguo unabaki kwake. Mwenye kadena njo anaitoa, juu ni maisha yake inalinda. Akienda nayo nyumbani, mashini inalala, na kuikata bila yeye kunaomba ruhusa ya wakubwa na kuhakikisha kwanza kama hakuna mutu ndani. Basi kukosa kupokezana na wenzake haiko tu neno la kusalimiana vizuri. Ni neno la usalama, na fundi mwenyewe akisoma mustari ule ataelewa bila kutukanwa.

Cha tatu ni kinachoombwa, pamoja na wakati wake na njia ya kukipima:

«Kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi, kila mwisho wa posti ataandika mistari mitatu: kosa alilokuta, kazi aliyofanya, kazi iliyobaki. Kadena itatolewa ao itapokezanwa uso kwa uso. Shefu ataangalia kaye kila siku ya posho. Ateliye itampa dakika 15 za mwisho wa posti juu ya kazi hiyo.»

Pointi nazo zifuate vipande hivyo. Kama karatasi iko na nafasi ya ufundi na nafasi ya ushirikiano, kila moja ipate pointi yake. Shefu wengi wanachanganya yote na kuweka katikati. Hapo fundi anakosa heshima ya kazi yake, na ekipi haioni kama neno lake lilisikiwa.

Namna ya kujua kama mustari ni muzuri ni hii: muape shefu mwingine asiyemujua huyo fundi ausome. Kama anaweza kusema kilichotokea na kinachoombwa, mustari umefika. Kama anajua tu huyo mutu ni mubaya ao muzuri, uanze tena. Na uangalie tarehe: kama zote ni za Novemba na Desemba, umeandika ugomvi wa juzi, haukuandika mwaka. Tarehe za mwaka muzima zinatoka mu kaye ndogo ambayo shefu anaandika kila mwezi.

Karatasi hii haiishi mu kabati. Kodi ya kazi ya inchi yetu, sheria namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 62, inasema sosiete haiwezi kuvunja kontra isiyo na mwisho bila sababu ya kweli: uwezo wa mutumikaji, mwenendo wake ku kazi, ao mahitaji ya sosiete. Siku kukitokea mabishano mbele ya enspekta wa kazi, mistari ile inaweza kutolewa kama ushahidi. «Ana kiburi» haisaidii sosiete wala mutumikaji. Tarehe nne na kaye ya posti, kila mutu anaweza kuzihakikisha.

Kwa sababu hiyo na mutumikaji asome vizuri. Karatasi nyingi zinaandikwa Kifaransa na mazungumuzo yanapita Kiswahili; aombe kila mustari utafsiriwe mbele ya kutia saini. Kama hakubali, asiandike «nimesoma na nimekubali». Aandike «nimesoma», aongeze maneno yake chini, na aombe kopi. Delege wa sendika anaweza kumusindikiza.